Ujumbe Aliousifu Wifi

Wateja walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake tangu anafungua duka hadi anafunga. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule: mashati meupe, kaptura, na sketi za marinda ambazo hata mtoto akikalia ukuta mwezi mzima marinda yanabaki mahali pake. Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na ndani yake mlikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, benchi la wateja, na kioo kirefu kilichopasuka kona moja.

Kwa habari ya pesa, dukani hakuwa na mchezo. Nusu unalipa siku ya kupimwa, nusu siku ya kuchukua, basi. Siku moja mkuu wa shule alifuata suti yake, akakuta mfukoni pamepungua elfu mbili. Akajaribu kucheka. Mama Futi naye akacheka, akamfungia suruali vizuri kwenye mfuko, akampa, na koti akalirudisha kwenye henga. Mkuu wa shule alirudi jioni na elfu mbili yake mkononi, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake.

Sasa mtu kama huyo ungedhani anaweza kumdai yeyote. Lakini ndugu walikuwa habari nyingine. Mbele ya ndugu ulimi wake ulikuwa mzito kama uji uliolala, na katika ndugu wote hakuna aliyemfunga kinywa kama wifi yake, dada mkubwa wa mumewe.

Wifi Mkubwa alikuwa mwanamke wa shughuli. Alikodisha viti, maturubai na masufuria kwa ajili ya harusi na misiba, na sauti yake ilifika kwenye shughuli kabla ya viti. Alikuwa na mkono wazi. Ukilazwa hospitali, yeye ndiye wa kwanza kufika, na ndiye atakayemuuliza daktari maswali ambayo wewe umeogopa kuuliza. Mwezi wa nne upepo ulimchania maturubai mawili kwa siku moja, akaja dukani kwa Mama Futi macho mekundu, akaomba laki nne. Mama Futi alizitoa kwenye akiba ya vitambaa bila kuuliza mara mbili. Wifi akamkumbatia, akasema atazirudisha mambo yakikaa sawa.

Mambo yakikaa sawa. Mama Futi alikuja kuyafikiria sana maneno hayo baadaye. Mwezi wa tano ukapita, wa sita, wa tisa. Maturubai mapya yalionekana kila Jumamosi, meupe kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki, na kwa macho ya Mama Futi mambo yalikuwa yamekaa sawa kabisa, tena yameegemea mto.

Mwezi wa kumi na moja mwenye duka la jumla, ambaye mafundi wote walimwita Tajiri, alimwambia kwamba bei ya kitambaa itabaki ile ile hadi Jumapili ya tarehe kumi na nne ya mwezi unaofuata. Kuanzia tarehe kumi na tano kunaingia mzigo mpya, na bei mpya. Shule zingefunguliwa mwezi wa kwanza. Mama Futi alihitaji majora manne, mawili meupe na mawili ya kijivu, na alipohesabu alichonacho, pengo lilikuwa laki nne kamili. Ni kama vile lilikatwa kwa mkasi kufuata kipimo cha wifi yake.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole, na kwa dada yake alikuwa mpole zaidi. Alisikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba pesa ni za mkewe na haki ni ya mkewe, akashauri kwamba mkewe ndiye azungumze.

"Yule dada aliniogesha mimi," alisema. "Mtu aliyekuogesha unamdai vipi?"

Basi Mama Futi akajiandaa peke yake. Jumapili asubuhi alisimama mbele ya kile kioo cha dukani akafanya mazoezi. Maneno yalitoka vizuri sana. Alimwambia kioo kila kitu, kioo kikaelewa. Kisha akavaa, akaenda.

Alipokelewa kwa vigelegele kana kwamba ametoka ng'ambo. Alikalishwa kwenye kochi lenye nailoni, akaletewa chai, akaletewa albamu ya harusi ya wiki iliyopita. Kila alipovuta pumzi ili aanze, wifi alifungua ukurasa mwingine. Saa mbili baadaye alijikuta barabarani amebeba fuko zito begani. Ndani mlikuwa na vitambaa vya meza thelathini ambavyo wifi alimwomba avikunje pindo akipata nafasi. Wala hakuuliza bei. Mumewe alipomwona anaingia na fuko alidhani ni pesa zimeletwa kwa noti ndogo ndogo, akasimama kumpokea kwa furaha.

Safari ya pili Mama Futi aliamua kupita pembeni. Alivipeleka vitambaa vya meza vikiwa vimekunjwa na kupigwa pasi, na katika mazungumzo akaanza kulalamikia bei ya majora, jinsi msimu ulivyokaribia, jinsi akiba ilivyo nyembamba. Wifi alimsikiliza kwa huruma ya kweli. Alimshika mkono. Akamwambia shida yake ni kwamba ana moyo mwepesi, bila shaka kuna watu wamekopa pesa zake na wamekaa kimya, na kwamba watu wa siku hizi hawana haya. Mama Futi alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alirudi nyumbani akiwa amefarijiwa sana na hana senti.

Jumanne ya tarehe mbili, mwezi wa kumi na mbili, simu ikaita dukani. Alikuwa wifi, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa na shida. Alikuwa na shoga yake wa miaka mingi, nesi wa zahanati, ambaye wifi alimkopesha laki mbili mwezi wa sita, nesi huyo alipokuwa anaezeka paa lake upya. Nesi alikuwa kimya. Wifi alitaka kumwandikia ujumbe lakini kila akiandika hauji vizuri. Mama Futi anajua kusema na wateja, je, angepita amsaidie?

Mama Futi alipita. Alikuta wifi ameketi baina ya minara ya viti vya plastiki, miwani puani, simu mkononi. Ujumbe wa kwanza aliokuwa ameandika ulikuwa wa herufi kubwa tupu, nao ulisema MUNGU ANAKUONA. Alikuwa hajautuma kwa sababu nesi anaimba naye kwaya. Ujumbe wa pili ulikuwa mpole. Ulianza kwa salamu, ukaulizia watoto, ukaulizia miguu ya mama yake nesi, ukamalizia kwa kumwalika chakula cha mchana Alhamisi. Pesa haikutajwa popote.

"Kwa huu atakuja kula tu," alisema Mama Futi.

Akavuta kiti. Hapo ndipo lilipomtokea jambo la ajabu, maana alipoandika kwa niaba ya mtu mwingine ulimi ulifunguka. Alimweleza wifi kwamba salamu iwe moja na fupi. Kiasi kitajwe, na ni cha lini na kilikuwa cha nini, ili mtu asipate shida ya kukumbuka. Asilaumiwe. Aambiwe pesa inahitajika kwa ajili ya nini, kisha itajwe siku, maana ukisema "ukipata" mtu ataendelea kungoja apate. Na mwisho aachiwe mlango: kama haiwezekani yote, aseme mapema, mpange. Wifi aliuliza kama wangeweza kuweka na picha ya lile paa. Mama Futi akasema hapana.

Ujumbe ulipokamilika ulisema hivi:

"Habari za siku, shoga yangu. Nakukumbusha zile laki mbili nilizokukopesha mwezi wa sita ulipokuwa unaezeka. Najua mambo yamekuwa mengi, na mimi mwenyewe sikutaja siku ya kurudisha, kwa hiyo sikulaumu. Sasa nazihitaji kwa ajili ya kazi. Naomba zinifikie Jumamosi hii, tarehe sita. Kama zote hazitapatikana, niambie kabla ya siku hiyo, tupange kiasi cha kuanzia na tarehe ya kumalizia. Urafiki wetu uko pale pale."

Wifi aliusoma kwa sauti mara mbili. Aliuita ujumbe wa mtu mwenye akili. Alisema mtu akipokea maneno kama haya halafu akasirike, basi huyo hakuwa na urafiki tangu mwanzo, na kwamba yeye angeandikiwa hivi angelipa huku anashukuru. Mama Futi aliyasikia hayo, akafungua mdomo, lakini kabla hajasema neno simu ilitoa mlio. Nesi alikuwa amejibu. Alisema asante kwa kumkumbusha, alikuwa na aibu ya kulizungumzia kwa sababu muda ulikuwa umepita, na Ijumaa akipata mshahara atatuma.

Ijumaa akatuma kweli. Mama Futi alipopata habari alipiga hesabu zake kwa furaha: laki mbili za nesi, wifi ataongeza kidogo, jambo litaisha lenyewe bila mtu kufungua mdomo. Jumamosi jioni wifi alimpigia kumpa habari njema zaidi. Alikuwa amenunua viti vipya thelathini, vyenye migongo mirefu, vya bwana harusi na wakubwa zake.

Mama Futi alikaa kwenye benchi la wateja. Kisha akachukua simu, akaweka, akaichukua tena. Jumapili baada ya chakula alimwambia mumewe kwamba anaandika. Mumewe akasema ni sawa kabisa, akakumbuka kuna friji ya mtu inavuja, akatoka.

Aliandika maneno yale yale. Hakuona sababu ya kutafuta mengine wakati haya yalikwishasifiwa. Alibadilisha yanayostahili tu: "shoga" ikawa "wifi", laki mbili zikawa laki nne, mwezi wa sita ukawa wa nne, paa likawa maturubai. Kazi akaitaja, kwamba ni vitambaa vya sare. Na siku akaiweka: Jumamosi tarehe kumi na tatu kabla ya saa sita mchana, kwa sababu duka la jumla linafungwa saa nane na Jumapili hawafungui. Mwisho akaandika kwamba undugu wao uko pale pale. Akafumba macho, akatuma.

Simu ilionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja.

Jumapili ikaisha. Jumatatu nzima Mama Futi alishona akitazama simu, akakata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Alijiona mbaya. Alikumbuka wifi yake alivyomshika mkono, alivyokuja hospitali na shuka zake mwenyewe wakati wa kujifungua mtoto wa pili. Mumewe naye, simu yake ilipolia, aliitazama kama kitu kinachoweza kuuma. Alikuwa anapigiwa na mwenye friji.

Jumanne saa nne asubuhi Wifi Mkubwa akaingia dukani. Hakusalimia kwa kelele kama kawaida yake, na hilo lilimtisha Mama Futi kuliko chochote. Palikuwa na wateja watatu wanaongoja. Wifi akaketi mwisho wa benchi, mkoba magotini, akangoja zamu yake kama mtu aliyekuja kupimwa sketi. Mama Futi alimpima mtoto wa kwanza kiuno akaandika namba ya mguu. Alipomaliza na yule wa tatu, wakabaki wawili.

Wifi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ndipo akaeleza kilichompata.

Jumapili ujumbe ulipofika alikuwa kwenye shughuli, viti vinapangwa, miwani iko kwenye gari. Aliona maneno ya mwanzo, akayatambua, akadhani wifi yake amemtumia nakala ya ule ujumbe mzuri ili autunze. Akafurahi. Akakumbuka kwamba na mpambaji wa ukumbi ana elfu themanini zake tangu mwezi wa nane. Basi akaubonyeza ujumbe ule ule, vile ulivyo, akamrushia mpambaji.

Mama Futi aliweka mkasi chini.

Mpambaji, kwa maelezo ya wifi, alikaribia kuzimia. Alisoma kwamba anadaiwa laki nne za maturubai na kwamba zinatakiwa kabla ya saa sita mchana. Alipiga simu mara sita. Wifi hakusikia kwa sababu ya muziki. Mwisho mpambaji aliandika kwamba yeye hajawahi kukopa laki nne, wala hajui habari za maturubai, wala yeye si wifi ya mtu. Alikopa elfu themanini na hizi hapa, anazituma sasa hivi, yaishe. Na akazituma.

"Nikajiuliza, huyu maturubai ameyatoa wapi," alisema wifi. "Nikatafuta miwani. Nikasoma kutoka juu. Mpambaji hana maturubai, wifi. Mwenye maturubai ni mimi."

Mama Futi alijitahidi. Aliuma midomo, akatazama cherehani, akatazama dari. Ikashindikana. Kicheko kilimtoka kupitia puani, na wifi alipokisikia, mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika, na muda si mrefu wote wawili walikuwa wameshikilia meza ya kukatia, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wanajipangusa macho kwa vipande vya kitambaa cha kijivu.

Walipotulia wifi alisema jambo ambalo alikuwa amelibeba kwa siku mbili. Alisema Jumapili usiku aliona hasira. Alitaka kuandika maneno, na alijua ni yapi. Lakini kila alipoanza alikumbuka kwamba ujumbe ule ameusoma kwa sauti mara mbili na kuusifu.

"Barua niliyoisifu mwenyewe ningeitukanaje? Halafu nikakumbuka ulikuja kwangu nikakuambia watu hawana haya. Wewe ulinitazama tu."

"Nilidhani unatania," Mama Futi akasema.

"Nilikuwa nimesahau. Nakuapia, wifi. Hukutaja siku, nami kichwani nikaziweka pesa hizo kwenye yale mambo ya siku moja nitayafanya."

Mama Futi akakubali kwamba hakutaja, na kwamba kosa hilo ni lake. Wifi hakubishana. Akafungua mkoba. Alikuwa na elfu themanini za mpambaji, akaongeza elfu mia na ishirini zake, zikawa laki mbili, akazihesabu juu ya meza. Zote laki nne asingeweza kufikia Jumamosi, alisema, viti vilishanunuliwa na muuza viti harudishi. Lakini alikuwa na harusi mbili kubwa, tarehe ishirini na tarehe ishirini na saba, na malipo ya mwisho hutolewa siku ya shughuli. Laki mbili zilizobaki zingefika Jumapili ya tarehe ishirini na nane. Alisema tarehe hiyo polepole, akasubiri Mama Futi aiandike. Mama Futi akaiandika kwenye daftari la vipimo, wote wawili wakitazama.

Kulikuwa bado na Tajiri. Kesho yake Mama Futi alikwenda duka la jumla na alichokuwa nacho. Yeye, aliyezuia koti la mkuu wa shule kwa elfu mbili, sasa alikuwa anakwenda kuomba. Alimwambia Tajiri ukweli: achukue majora mawili leo, alipe, mawili ya kijivu awekewe kwa bei ya sasa, naye atayalipia Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa. Tajiri alikuna kidevu. Alisema kwa kawaida hafanyi hivyo, maana watu husema watarudi tu, hawasemi lini. Kwa kuwa huyu amesema lini, akamwandikia risiti na kuyabandika majora jina lake. Alimwonya kwamba tarehe thelathini asubuhi yanarudi rafuni kwa bei mpya. Mama Futi alitoka pale akiwa ameelewa kidogo zaidi kwa nini nesi alikuwa kimya.

Tarehe ishirini na nane simu ilitoa mlio saa tatu asubuhi. Laki mbili, na ada ya kutolea juu yake. Mumewe, aliyekuwa anakunywa chai, alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba dada yake si mtu wa matatizo. Mama Futi akamwongezea sukari.

Wiki ya kufungua shule foleni ya wazazi ilitoka nje ya mlango ikazunguka hadi duka la jirani, na jua lilikuwa kali. Saa nne gari la Wifi Mkubwa likasimama. Vijana wake wakashusha turubai jeupe na viti ishirini, wakavipanga mbele ya duka, wazazi wakakaa kivulini wakaacha kugombana. Mama Futi alitoka nje na futi yake shingoni, akauliza ni bei gani.

Wifi akasema hadai kitu, avitumie tu. Kisha akapanda gari, akashusha kioo.

"Alhamisi saa tatu asubuhi nakuja kuvichukua," alisema. "Andika kwenye daftari."

Akaondoka, na Mama Futi akarudi ndani kumpima mtoto aliyefuata.